"Kindly" Yako Inakucheleweshea Doo

Wasee, kuna neno moja ambalo Mkenya akiketi kuandika imeili ya kazi lazima alitafute kama chumvi. "Kindly." Kindly assist, kindly note, kindly pay. Tulifundishwa ni neno la heshima, na humu nchini kweli ni la heshima. Shida inaanza imeili ikivuka mpaka.

Wacha niseme kitu ambacho wale walimu wa "Kiingereza cha kiprofeshno" wa TikTok hawatakwambia, kwa sababu wao huuza templeti na mimi siuzi kitu. Shida ya imeili zetu kwa wateja wa nje si grama. Grama yetu iko fiti, wengi wetu tulichapwa kwa sababu yake. Shida ni kwamba ndani ya imeili moja tunapiga magoti mlangoni, halafu tukifika sebuleni tunaanza kufoka. Na sisi tunaona vyote viwili ni adabu.

Cheki hii. Kuna jamaa namjua, edita wa vidio, anaishi Kahawa West. Alifanyia kampuni moja ndogo ya Manchester vidio sita fupi za kutangaza bidhaa zao. Pauni 480. Alituma invoisi tarehe 7 Mei, makubaliano yakiwa walipe ndani ya siku 14, kwa hivyo siku ya mwisho ilikuwa 21 Mei. Siku hiyo ikapita. Ikafika 29 Mei, kimya. Landilodi naye hakuwa kimya. Jamaa akaandika hivi, na ameniruhusu niiweke hapa, jina la mteja tu ndilo tumebadilisha:

```
Subject: URGENT!!! PAYMENT

Dear Madam,
I hope this email finds you well. I humbly wish to
bring to your attention that you have not paid my
invoice. Kindly pay today. I am waiting for your reply.
Thanks in advance.
```

Kabla hajabonyeza kutuma alinionyesha, akaniuliza kama kuna kosa. Kosa la grama? Hakuna hata moja. Mwalimu wa Kiingereza wa kidato cha nne angempa alama zote. Lakini isome ukiwa yule mama wa Manchester. Kichwa cha habari kinapiga nduru. Halafu "Dear Madam", na huyu ni mtu ambaye wameandikiana "Hi Helen" mwezi mzima, kwa hivyo ghafla ni kama hawajuani tena. Halafu "humbly", amelala kifudifudi. Halafu "you have not paid", kidole usoni. Halafu "Kindly pay today", amri. Ukimaliza kusoma hujui kama huyu mtu anakuomba au anakushtaki. Na mtu asipojua ajibu vipi, anafanya kile wewe na mimi tungefanya: anaiacha, anasema nitaijibu baadaye.

Sasa, hii lugha tumeitoa wapi? Hatukuizaliwa nayo. Hiki ni Kiingereza cha barua za serikali. Wakoloni walileta ofisi, ofisi zikaleta barua zilizoisha na "I have the honour to be, Sir, your obedient servant", na karani aliyetaka kazi alijifunza kuandika hivyo hivyo. Wakaenda, makarani wakabaki, barua zikabaki. Hadi leo ukienda kwa chifu kuandikisha kitu utapata barua yenye "RE:" kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Shule nazo zikatufundisha barua rasmi ya namna hiyo hiyo, anwani mbili na "Dear Sir/Madam", kama vile kila mtu tutakayewahi kumwandikia ni bwana DC.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba wenye lugha wenyewe waliikimbia. Baada ya vita vya pili vya dunia, hazina ya Uingereza ilimwomba afisa mmoja mstaafu anayeitwa Ernest Gowers awaandikie wafanyakazi wa serikali kitabu cha kuwatoa kwa hiyo lugha ya kujifungafunga. Kikatoka 1948, kinaitwa Plain Words. Wamarekani nao walipitisha sheria mwaka wa 2010, Plain Writing Act, inayotaka mashirika ya serikali yao yaandikie wananchi kwa lugha wanayoielewa. Yaani wale tunaodhani tunawafurahisha walishatupa hilo koti zamani, sisi ndio tumelivaa kwa jua la saa saba mchana.

Lakini turudi kwa "kindly", kwa sababu hapo ndipo pesa imelala.

Kiswahili kinaweka adabu ndani ya kitenzi. Ukimwambia mtu "leta chai" umemwamrisha. Ukimwambia "naomba uniletee chai" umemheshimu, na kazi imefanywa na vitu viwili: hilo "naomba", na ule mwisho wa "-e" unaogeuza amri kuwa ombi. (Ndiyo, najua sisi wa Nairobi tunaingia hoteli Dar es Salaam tukisema "nipee chai" na watu wanatugeukia. Hiyo ni vita ya siku nyingine.) Ukienda kutafsiri hiyo sentensi kwa Kiingereza, "naomba" inageuka "kindly", na ile "-e" inapotea kabisa njiani, kwa sababu Kiingereza cha leo hakina mwisho kama huo wa kuombea. Kinachobaki ni "bring me tea". Amri tupu iliyovalishwa tai.

Mkenya akisoma "kindly bring" anasikia ile "naomba" iliyojificha nyuma yake. Mwingereza hasikii. Kwake neno hilo limezeeka, na mara nyingi anakutana nalo mtu akiwa amekasirika: kibao cha "kindly keep off", au jirani aliyechoka na muziki wako. Kamusi za Oxford za wanaojifunza lugha zinasema hivyo waziwazi, kwamba ni neno la kizamani la kumwambia mtu afanye kitu, hasa ukiwa umeudhika. Kwa hivyo wewe umeandika "naomba unilipe", yeye amesoma "hebu lipa basi". Hakuna mtu amekosea herufi hata moja, na bado mmekosana.

Kiingereza kinaweka adabu mahali pengine. Kinaiweka kwa swali, na kwa kurudisha kitenzi nyuma hatua moja. "Can you" ni swali. "Could you" ni swali lililorudi nyuma kidogo, likampa mtu nafasi ya kupumua. Ukiuliza "could you let me know", kwa maneno humwamrishi chochote, unamuuliza kama inawezekana. Anaweza kusema hapana bila aibu. Sisi pia tunajua hiyo mbinu, ndiyo maana mtoto aliyelelewa vizuri husema "ungeweza kunisaidia" badala ya "nisaidie". Ile "-nge-" na ile "could" ni ndugu. Ukitaka kutafsiri heshima yako, tafsiri kutoka hapo, si kutoka kwa "kindly".

Kuna wataalamu wawili, Penelope Brown na Stephen Levinson, walioandika kuhusu mambo ya adabu kwa lugha tofauti, na wazo lao moja linatosha hapa. Adabu ina sura mbili. Moja ni ya kumwonyesha mtu kwamba uko naye: kumsalimia, kumuuliza watu wa nyumbani, kumwita ndugu. Ya pili ni ya kutomvamia: kumwachia nafasi, kutomlazimisha, kumpunguzia mzigo. Hapa kwetu ile ya kwanza ina uzito sana, ukimkuta mzee na uanze na shida yako kabla ya "shikamoo" au "habari ya nyumbani" umekosa adabu. Kwa imeili za kazi za Waingereza na Wamarekani, ile ya pili ndiyo inabeba mzigo. Kwa hivyo "I hope this email finds you well" si tusi, usiogope, lakini haibebi kile unachodhani inabeba. Yule Helen ameiona mara nyingi hata haisomi. Heshima anayoisikia ni hii: je, umenifanyia kazi iwe rahisi, ama nianze kutafuta invoisi yako kwa imeili 900?

Jamaa alikuwa na hasira, na haki yake. Tukaketi tukaiandika upya. Ikawa hivi:

```
Subject: Invoice 014, due 21 May

Hi Helen,

I'm following up on invoice 014 (£480, the six product
videos), which was due on 21 May. I can't see the
payment on my side yet. Could you let me know when
it's scheduled?

I've attached the invoice again in case it's useful.
If I should be sending it to someone in accounts,
I'm happy to do that.

Many thanks,
```

Halafu jina lake chini, basi. Ona kilichobadilika.

Kichwa cha habari sasa kinamwambia ni kitu gani kabla hajafungua. "URGENT" ni dharura yako wewe, si yake. "Invoice 014, due 21 May" ni ukweli ambao hawezi kubishana nao, na kesho akitafuta kwa inboksi ataipata kwa sekunde mbili. "Hi Helen" kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuandika "Hi". Hii ndiyo kanuni rahisi kuliko zote na hakuna templeti inayoweza kukupa: soma imeili yake ya mwisho, umsalimie vile anavyokusalimia na umuage vile anavyokuaga. Akiandika "Dear Mr" na jina la baba yako, mrudishie hivyo hivyo.

"You have not paid" imekuwa "I can't see the payment on my side yet". Hapa wasee wengi watasema tumekuwa waoga. Hapana. Hiyo sentensi ya kwanza inasema kitu usichokijua. Labda amelipa na benki imekwama. Labda amemwambia mtu alipe na huyo mtu yuko likizo. Unachokijua kwa uhakika ni kwamba wewe hujaona pesa. Andika unachokijua. Tena inamwokoa yeye aibu, na mtu aliyeokolewa aibu hujibu haraka kuliko mtu anayetafuta kisingizio.

Ombi ni moja tu, na limeandikwa kama swali: lini imepangwa? Hatukuuliza kama atalipa, hilo halina mjadala, tumeuliza lini. Hapo ndipo ukali wote umejificha. Ukimuuliza "when it's scheduled", lazima ajibu na tarehe, na tarehe ni ahadi.

Halafu ile sentensi ya watu wa akaunti. Kwa kampuni nyingi, mtu unayefanya naye kazi si mtu anayelipa. Helen ndiye anayekagua vidio, lakini pesa inatoka kwa ofisi nyingine ambayo labda haijawahi kusikia jina lako. Ukimfokea Helen unamfokea mtu pekee ndani ya ile kampuni anayekujua na anayeweza kukutetea.

"Humbly" tuliitupa, pamoja na kodi ya nyumba aliyokuwa anataka kuongeza. Hii ni ile sehemu ya kupiga magoti, na mimi inanikera kuliko "kindly". Ukisema unaomba kwa unyenyekevu ulipwe pesa uliyoifanyia kazi, umeigeuza deni kuwa sadaka. Ukiongeza shida zako, umemwambia mteja kwamba wewe ni mtu anayeweza kubanwa bei wakati mwingine. Deni halihitaji kuhurumiwa. "Thanks in advance" nayo ilienda kwa sababu inamshukuru mtu kwa kitu ambacho hajakubali. "Many thanks" inatosha.

Sasa nisikie vizuri hapa, kwa sababu kuna wale wakishajifunza "could you" wanaharibu upande mwingine. Lainisha kitenzi. Usilainishe tarehe, usilainishe pesa. Ukiandika "whenever you get a chance", kuna mtu atakuamini, na nafasi haitapatikana hadi Agosti. Ukiandika "a small balance", umeifanya ndogo wewe mwenyewe. Swali liwe laini, nambari ziwe ngumu kama msumari: £480, 21 May, invoice 014.

Na tarehe ziandike na jina la mwezi. 07/06 kwa Mwingereza ni tarehe 7 Juni kama kwetu, kwa Mmarekani ni tarehe 6 Julai. Umempa mwezi mzima wa bure na hakukuomba. Saa pia: ukipanga simu, andika saa za kwao na za kwako zote mbili. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Uingereza iko nyuma yetu saa mbili, miezi mingine saa tatu, na sisi hatubadilishi saa hata siku moja, kwa hivyo mkutano wenu wa kila wiki utahama tu wenyewe ukidhani mteja amekuruka.

Kitu kingine ni kwamba si kila mteja wa nje ni Mwingereza. Mjerumani au Mholanzi anayeandika Kiingereza kama lugha ya pili, sawa na wewe, anaweza kuipita kabisa sentensi ya "I was just wondering if perhaps", kwa sababu kwa macho yake hakuna ombi hapo, kuna mtu anayewaza kwa sauti. Kwa huyo weka "could you" moja, basi, na useme jambo lako. Na ukimwandikia mtu wa Mumbai, tumia "kindly" yako kwa raha zako, huko inasomwa kama hapa. "Revert" pia. Lakini "please revert" mpelekee Mmarekani na ataanza kufikiria anatakiwa kurudisha faili kwa vile lilivyokuwa zamani, kwa sababu kwake hilo neno halimaanishi kujibu. Kwa edita wa vidio hilo si jambo la kucheka, atakufungulia toleo la wiki iliyopita.

Najua tayari kuna mtu anaandika komenti: kwani Kiingereza ni cha nani? Kwa nini sisi ndio tubadilike? Buda, hiyo hasira naielewa, hata mimi ninayo. Kiingereza cha Kenya ni Kiingereza kamili, kina sheria zake na kina watu wake, na sitamcheka mtu yeyote kwa kuandika "kindly" kwa bosi wake wa Westlands. Na ni kweli kwamba mchezo hauko sawa. Huyo huyo mteja wa Manchester anaweza kukuandikia "pls fix intro thx" akiwa kwa treni, bila herufi kubwa, bila salamu, na hakuna anayemwita mkosa adabu. Wewe ukiandika hivyo utaitwa mzembe. Mwenye pesa ana ruhusa ya kuwa mvivu. Hiyo ni dhuluma ndogo ndogo ya kila siku na sitaipaka rangi.

Lakini kuna tofauti kati ya kubadilisha lugha yako na kumjua msomaji wako. Ukienda Mombasa unasalimia kwa vile wanavyosalimia Mombasa, na hakuna anayesema umeuza Unairobi wako. Unafanya hivyo kwa sababu unataka kitu kifanyike. Na hao walimu wa templeti ndio wanatudharau zaidi, kwa sababu wanatuuzia Kiingereza kigumu kwa imani kwamba neno refu litaficha tulikotoka. "I am writing to humbly bring to your esteemed attention." Hilo halifichi kitu. Linamwambia msomaji kwamba umenakili. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hakuna mteja hata mmoja amewahi kuniuliza cheti. Ninachoulizwa kila wiki ni "when can you deliver", na jibu la hilo ni tarehe.

Basi jamaa alituma. Helen akajibu kesho yake asubuhi, mistari miwili, pole nyingi, na kwamba watu wa akaunti walikuwa wanataka nambari ya PO kwenye invoisi na hakuna aliyemwambia. PO ni ile nambari ambayo kampuni hutoa kabla ya kununua kitu, na ofisi nyingi za akaunti hazigusi invoisi isiyo nayo. Invoisi ilikuwa imekaa kwa meza ya mtu siku zote hizo. Angemfokea, bado nambari ingekosekana. Alimtumia hiyo nambari, jamaa akaiongeza, akairudisha saa hiyo hiyo.

Halafu kimya tena. Wiki nzima. Hapa ndipo watu hurudi kwa "URGENT!!!", na hapa ndipo unatakiwa kupanda ngazi moja tu, si kuruka hadi paa. Tarehe 5 Juni aliandika ndani ya imeili ile ile, ili historia yote ibaki chini yake:

```
Hi Helen,

Just checking on invoice 014, now with the PO number
you sent. Please could you confirm the payment date
by Friday 7 June?

Many thanks,
```

Ona swali limebaki, lakini sasa lina mwisho. Na tulikuwa tumeandaa ya tatu, ya tarehe 12 Juni kama hakuna kitu, ambayo haina swali ndani yake. Inasema invoisi sasa imechelewa wiki tatu, na "I'll start the July videos once it's been paid". Hakuna tusi, hakuna vitisho vya mahakama ambavyo huwezi kuvigharamia, hakuna "humbly". Ni taarifa ya kile utakachofanya wewe, na hicho ndicho kitu pekee kilicho mikononi mwako. Usiandike hiyo sentensi kama huna nia ya kuitekeleza, kwa sababu ukianza vidio za Julai kabla ya pesa, mteja ameshajua barua zako husomwa vipi.

Ya tatu haikuhitajika. Pesa iliingia Ijumaa tarehe 7, pauni 480 kasoro makato ya benki, ambayo sasa ameyaandika kwenye invoisi mpya kwamba ni ya mteja. Jioni hiyo alimtumia Helen mstari mmoja: "Received today, thank you." Helen akamjibu akiuliza kama ana nafasi ya vidio nne zaidi. Alimwambia ana nafasi, bei ni ile ile, na PO itangulie.